Nani mwenye wimbo? Nyimbo za vijana wa Kenya kati ya maandamano na kampeni

Ukiwa umevuka miaka hamsini na ulikulia Kenya, Tanzania au Uganda, huenda uliwahi kucheza wimbo unaoitwa Kasongo. Uliimbwa kwa Kilingala na bendi ya Orchestra Super Mazembe, wanamuziki waliotoka Kongo wakafanya makao yao Nairobi, na ulitoka mwaka 1977. Ndani yake mke anamsihi mumewe, Kasongo, arudi nyumbani. Kwa miaka mingi ulipigwa arusini na baa, na hakuna aliyeuona kuwa wa siasa.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 hali ilibadilika. Vijana wa Kenya walilichukua jina la Kasongo wakamwita nalo Rais William Ruto. Wimbo wenyewe ukaanza kusikika tena kwenye matatu, vilabuni na kwenye video fupi za simu, safari hii watu wakiuimba kwa kicheko cha kejeli. Bendi haikubadilisha hata neno moja. Rais mwenyewe amelitaja jina hilo hadharani kwa mzaha.

Hili si jambo dogo la vichekesho. Linatuonyesha namna muziki na mitindo ya vijana inavyofanya kazi katika siasa za Afrika Mashariki. Mara nyingi tunauliza kama muziki wa vijana ni sauti ya kupinga uonevu au ni biashara tu ya kuvutia macho. Nchini Kenya, historia ya nyimbo tatu inaonyesha kwamba wimbo uleule unaweza kuwa yote mawili. Kinachoamua ni nani ameushika, anautumia wapi, na nani atapata hasara akiuimba.

Wimbo wa kwanza: neno la Kiluo lililovaa suti ya Kiingereza

Mwaka 2002 vijana wawili wa Nairobi, Joseph Ogidi na Julius Owino, walitoa wimbo unaoitwa Unbwogable. Walijulikana kama Gidi Gidi Maji Maji. Mtayarishaji wao alikuwa Tedd Josiah.

Jina la wimbo linahitaji kufunguliwa kidogo. Katikati yake kuna neno la Kiluo, bwogo, lenye maana ya kutisha. Mbele na nyuma yake wamebandika viambishi vya Kiingereza, kile cha kukanusha na kile cha kusema jambo linawezekana. Ukiweka vyote pamoja unapata asiyetishika. Ni neno ambalo halikuwemo katika kamusi yoyote, lakini kijana wa mtaani alilielewa mara moja, hata asiyejua Kiluo.

Mwanzoni wimbo huo haukuwa wa chama. Ulikuwa wa vijana wawili waliokuwa wakihangaika kutafuta njia katika muziki, wakijipa moyo na kujigamba kwamba hawatatishika. Ulitaja pia majina ya watu mashuhuri wa jamii ya Waluo, wakiwemo wanasiasa. Majigambo ya namna hiyo ni ya kawaida katika muziki wa rapu.

Lakini angalia mwaka uliotoka. Rais Daniel arap Moi alikuwa ametawala tangu 1978 na alikuwa anaondoka. Alikuwa amemchagua Uhuru Kenyatta arithi kiti kupitia chama cha KANU. Vyama vya upinzani viliungana chini ya muungano wa NARC, na mwezi Oktoba, katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, Raila Odinga akautangazia umati kwamba Mwai Kibaki anatosha kuwa mgombea. Kwa miaka 24 watu walikuwa wamezoea kuongea siasa kwa kunong'ona. Sasa walikuwa na neno moja la kusema kwamba hawaogopi tena.

NARC ililiona hilo haraka. Wimbo ukapigwa kwenye mikutano yake kutoka mji hadi mji. Wazee waliokuwa hawajawahi kusikiliza rapu wakawa wanalitamka neno hilo jukwaani, na wanasiasa wenye suti na magari ya kifahari wakajiita wasiotishika. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba 2002, Kibaki akashinda kwa zaidi ya asilimia 60 ya kura. Aliapishwa tarehe 30 Desemba katika bustani ileile ya Uhuru Park, mbele ya umati mkubwa sana.

Kilichofuata ndicho kinachotuhusu zaidi. NARC ilikuwa imeahidi katiba mpya katika muda wa siku mia moja. Siku mia zikapita, mwaka ukapita. Mwaka 2004 kashfa ya mikataba ya Anglo Leasing ikafichuka. Mwaka 2005 serikali ikashindwa katika kura ya maoni ya katiba, na muungano ukavunjika vipande. Mwishoni mwa 2007 nchi ikatumbukia katika umwagaji damu baada ya uchaguzi.

Wimbo haukuweza kufanya lolote. Ulikuwa umeshawekwa upande wa walioshinda, na walioshinda ndio waliokuwa sasa wakitisha wengine. Mtu aliyetaka kuipinga serikali mwaka 2005 angewezaje kuimba wimbo ambao mawaziri wenyewe waliucheza? Neno likabaki katika lugha, watu wanalitumia mpaka leo, lakini makali yake kama silaha ya mnyonge yalikuwa yamekwisha. Ogidi mwenyewe baadaye akawa mtangazaji maarufu wa redio, katika kipindi cha asubuhi cha Radio Jambo.

Kwa nini wimbo huchukuliwa kwa urahisi

Kabla ya kwenda kwenye wimbo wa pili, tujiulize kwa nini wimbo huu ulichukuliwa na wengine mamia hawakuguswa. Wako wasanii wengi waliowahi kuimba wazi dhidi ya ufisadi. Eric Wainaina, kwa mfano, alitoa wimbo wake kuhusu nchi ya kitu kidogo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kila Mkenya alijua unasema nini. Lakini wimbo wa namna hiyo ni mgumu kwa chama kuuchukua, kwa sababu unasema wazi kosa ni lipi. Chama kikiupiga leo kikiwa upinzani, kesho kikiwa serikalini utakigeukia.

Unbwogable ulikuwa tofauti. Ulisema sitishiki, lakini haukusema ni nani anayetisha. Hapo pana nafasi iliyo wazi, kama fomu yenye mstari mtupu wa kujaza jina. Mwanamuziki akijaza, anayetisha ni umaskini. Mpinzani akijaza, ni rais. Rais akijaza, ni wapinzani wake. Muuza soda naye akitaka, anaweza kujaza kiu.

Ndiyo maana si rahisi kuupima wimbo kwa maneno yake peke yake. Sifa ileile inayoufanya ufae kwa maandamano ndiyo inayoufanya ufae kwa tangazo la biashara: neno moja fupi, linaloshika ulimini, linalotoa hisia ya ujasiri, na lisilotaja adui. Mfanyabiashara na mwandamanaji wanatafuta kitu kimoja.

Wimbo wa pili: ukaidi uliopanda jukwaa la mgombea

Songa mbele miaka ishirini. Mwaka 2021 msanii Exray, akishirikiana na Trio Mio na Ssaru, alitoa wimbo unaoitwa Sipangwingwi. Hili nalo ni neno la Sheng, lugha ya vijana wa mijini. Mzizi wake ni kupanga. Kijana akisema sipangwi, anamaanisha hakuna wa kumpangia maisha. Kile kipande cha mwisho ni madoido tu ya Sheng, ya kulifanya neno lichezeke.

Ulikuwa wimbo wa starehe. Aliyeukataa kupangiwa alikuwa kijana anayetaka kufurahi bila kuulizwa na mtu.

Wakati huo William Ruto alikuwa naibu rais, lakini alikuwa amekosana na bosi wake, Rais Uhuru Kenyatta. Tangu Machi 2018, Uhuru na Raila Odinga walikuwa wamepeana mkono na kufanya kazi pamoja, na ilipokaribia mwaka 2022 ikawa wazi kwamba Uhuru anamuunga mkono Raila kuwa rais. Hoja kuu ya Ruto ikawa kwamba kuna wakubwa wachache wanaotaka kuwapangia Wakenya rais wao. Alijiita mtetezi wa mahasla, yaani wachuuzi, waendesha bodaboda, mama mboga, watu wanaohangaika kila siku kutafuta riziki.

Neno lilikuwepo tayari, linasubiri. Ruto na watu wake walilichukua wakaliweka katika wingi: hatupangwingwi. Kutoka mimi likawa sisi. Toleo la kampeni likatengenezwa, msanii akapanda jukwaani, na umati ukafundishwa kuitikia.

Hapa kuna tofauti na mwaka 2002. Unbwogable ulichukuliwa na watu kwanza, chama kikafuata upepo. Sipangwingwi ulichukuliwa na kampeni kwa mpango. Mgombea aliutafuta wimbo ambao vijana walikuwa tayari wanaucheza, akaingia nao katika soko la kura kama vile kampuni inavyomtafuta mchezaji mpira maarufu avae viatu vyake. Hilo si kosa kisheria. Msanii ana haki ya kuuza kazi yake, na ana haki ya kumuunga mkono mgombea anayempenda. Ila msikilizaji anapaswa kujua kwamba anachosikia wakati huo ni tangazo.

Mwezi Aprili 2022, Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ililiweka neno hatupangwingwi katika orodha ya maneno iliyoyaona kuwa ya uchochezi. Upande wa Ruto ulilalamika vikali, na suala hilo likafika mahakamani. Tunaweza kukubali au kukataa uamuzi wa tume, lakini tazama kilichotokea: wimbo wa vijana wa kustarehe, ulionunuliwa na mgombea tajiri aliyekuwa naibu rais, sasa ulionekana kama wimbo wa waasi wanaonyamazishwa. Kukatazwa kuliupa ladha ya upinzani ambayo haukuwa nayo awali. Kila mara mamlaka inapopiga marufuku wimbo, inajiweka katika hatari hiyo.

Ruto alishinda uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022. Vijana waliotamka kwamba hawapangiwi walikuwa sasa na rais wao.

Wimbo wa tatu: mchezo wa kuanguka

Mwaka 2024 serikali ya Ruto ilipeleka bungeni Mswada wa Fedha uliolenga kukusanya kodi za nyongeza za takriban shilingi bilioni 346. Ulipendekeza mkate utozwe kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, mafuta ya kupikia ushuru wa asilimia 25, na wenye magari walipe kila mwaka asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Kwa kijana asiye na kazi, aliyeambiwa miaka miwili nyuma kwamba ameingia zamani za mahasla, mkate ulikuwa neno la kutosha.

Wakati huohuo kulikuwa na wimbo mpya unaovuma kwenye TikTok na kwenye matatu, Anguka Nayo wa kundi la Wadagliz. Ni wimbo wa kuchezwa. Jina lenyewe ni maelekezo ya mchezo, kwamba mdundo ukifika mahali fulani, unashuka nao.

Maandamano yalianza tarehe 18 Juni jijini Nairobi, na siku hiyohiyo serikali ikatangaza kuondoa kodi ya mkate na ya magari. Vijana hawakurudi nyumbani. Tarehe 20 wakatoka tena. Tarehe 25 Juni zaidi ya nusu ya kaunti 47 za nchi zilikuwa na watu barabarani, na jijini Nairobi waandamanaji waliingia ndani ya majengo ya Bunge. Polisi walipiga risasi na watu wakafa. Siku iliyofuata Rais Ruto alisema hatautia saini mswada huo. Tarehe 11 Julai aliwafuta karibu mawaziri wake wote. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilihesabu takriban watu 60 waliouawa katika maandamano ya mwaka huo.

Anguka Nayo ulikuwa katikati ya barabara hizo. Tuangalie kwa makini ulivyofika hapo, maana hakuna chama kilichoulipia.

Sababu ya kwanza ni mwili. Umati unaotembea hauna bendi. Una mikono, miguu na koo. Wimbo unaohitaji gitaa na sauti tatu hauendi nao. Anguka Nayo ulikuwa na mdundo unaoweza kupigwa kwa makofi na maneno ambayo kila mmoja alikuwa ameshayajua kwa kuyacheza kwenye simu wiki nyingi kabla. Watu wasiojuana, waliotoka mitaa tofauti, walikuwa tayari wamefanya mazoezi ya wimbo mmoja bila kujua wanajiandaa kwa nini.

Sababu ya pili ni ile nafasi iliyo wazi tuliyoiona. Nayo ni nini? Wimbo hausemi. Mwalimu wa Kiswahili angekuambia kwamba kama ni mswada unaoanguka, tungesema anguka nao. Lakini serikali ni ya ngeli inayokubali nayo, na barabarani ndivyo neno lilivyoeleweka. Sheng haifuati ngeli kwa ukali, kwa hiyo kila mmoja alijaza alichotaka kianguke. Juu ya mdundo huohuo watu wakapachika kelele zao za kumtaka rais aondoke.

Sababu ya tatu ni kicheko. Kucheza mbele ya polisi wenye mabomu ya machozi ni njia ya kusema hatuogopi bila kurusha jiwe. Gidi Gidi Maji Maji walilisema kwa neno; hawa walilisema kwa kiuno.

Mavazi nayo yalikuwa na kazi. Vijana wengi walivaa nguo nyeusi na kujifunga bendera ya taifa mabegani. Ukitazama vizuri, hakuna kitu cha gharama hapo. Fulana nyeusi inapatikana katika mitumba, bendera ni kitambaa. Makundi mengi ya vijana hujitambulisha kwa vitu ghali ambavyo wengine hawawezi kununua. Hapa ilikuwa kinyume: vazi lilichaguliwa kwa sababu kila mtu angeweza kulivaa, na kwa sababu bendera haina kabila wala chama. Kwa nchi ambayo siasa zake zimepimwa kwa kabila miaka mingi, hiyo ilikuwa kauli yenyewe.

Hata hivyo biashara haikukaa mbali. Wachuuzi wa Nairobi waliziuza bendera hizo barabarani kati ya waandamanaji, kama wanavyoziuza siku ya mpira. Je, hilo linaharibu maana yake? Si lazima. Mchuuzi huyo naye ni hasla, naye analipa kodi ya mafuta ya kupikia. Biashara ndogo inayofuata maandamano si sawa na kampeni kubwa inayonunua wimbo. Mmoja anauza kitambaa, na maana inabaki kwa anayekivaa. Mwingine ananunua maana yenyewe.

Tarehe 7 Julai 2024 vijana na wasanii walikutana kwa tamasha la kuwakumbuka waliouawa. Mahali palikuwa Uhuru Park, palepale ambapo mwaka 2002 Kibaki aliapishwa mbele ya umati wa NARC. Safari hii hakukuwa na mgombea jukwaani.

Nani analipwa, nani anaumia

Wengine watasema kwamba hata wimbo wa barabarani ni biashara, kwa sababu ukivuma msanii anapata wasikilizaji. Ni kweli kwa sehemu. Tuone fedha zinatembeaje.

Ukipiga *811# kwenye laini ya Safaricom na kuchagua wimbo wa Skiza, ule unaosikiwa na anayekupigia, unakatwa fedha kidogo kidogo, na sehemu ya fedha hizo humfikia msanii baada ya kampuni na wakala kuchukua zao. Ukiutazama wimbo kwenye YouTube, msanii anapata fungu la matangazo. Lakini watu elfu kumi wakiuimba kwa midomo yao barabarani, msanii hapati hata senti moja. Akiuimba kwenye mkutano wa mgombea, anaweza kulipwa kwa siku moja fedha ambazo Skiza ingemchukua miezi mingi kumletea. Ndiyo sababu ni rahisi sana kumlaumu msanii aliyekubali kampeni ukiwa wewe huna kodi ya nyumba ya kulipa kwa muziki.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa msanii haki ya kupinga kazi yake ikipotoshwa kwa namna inayoharibu heshima yake. Kwa maandishi, basi, chama hakiwezi kuchukua wimbo wa mtu na kuubadilisha maneno bila idhini. Kwa vitendo, kijana asiye na wakili hukutana na wimbo wake ukiwa umeshapigwa kwenye spika za magari ya kampeni katika kaunti kumi. Kesi huchukua miaka, kampeni huchukua miezi.

Upande wa pili wa hesabu ni maumivu. Mwaka 1990, wakati wa Moi, polisi waliwakamata wachuuzi wa kanda za nyimbo za Kikikuyu zilizosimulia kubomolewa kwa mtaa wa Muoroto, Nairobi. Aliyeusambaza wimbo alihatarisha uhuru wake. Leo wimbo uko kwenye mamilioni ya simu na hauwezi kunyang'anywa kama kanda, lakini mtu anayeuimba barabarani bado anaweza kupigwa risasi. Hiki ndicho kipimo kigumu zaidi kukighushi. Mwaka 2002, kufikia mwezi Desemba, kuimba Unbwogable hakukuwa tena na hatari, na mawaziri watarajiwa waliuimba kwa raha. Mwaka 2022 hakuna aliyehatarisha maisha yake kwa kuimba Sipangwingwi kwenye mkutano wa naibu rais mwenye walinzi. Tarehe 25 Juni 2024, aliyeucheza Anguka Nayo karibu na Bunge alikuwa mahali ambapo watu walikuwa wanakufa.

Wimbo uleule wa Anguka Nayo, uliochezwa usiku huohuo kwenye klabu ya watu wenye fedha, ulikuwa starehe tu. Si wimbo uliobadilika.

Msikilizaji wa kijijini asikilize nini

Unaweza kudhani haya ni mambo ya Nairobi. Lakini uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni mwaka 2027, na nyimbo zimeshaanza kutafutwa. Vijana wanaompinga rais wameunda neno wantam, kwamba atawale kipindi kimoja tu, kwa kulitamka neno la Kiingereza kwa ulimi wa mtaani. Wafuasi wa rais wakajibu kwa tutam, vipindi viwili. Tazama kasi yake. Mwaka 2002 ilichukua miezi neno kutoka mtaani hadi jukwaani. Sasa upande wa serikali unajibu kwa Sheng ileile, kwa mdundo uleule, karibu papo hapo.

Magari yenye spika yatafika pia mahali ambapo lami haijafika. Yatapiga wimbo ambao mwanao anaupenda, kwa maneno yaliyobadilishwa kidogo. Gari likisimama sokoni, yapo maswali matatu yanayosaidia. La kwanza, nani alilipa mafuta ya gari hilo na ujira wa msanii? La pili, wimbo unasema jambo gani litafanyika, au unatoa hisia ya ujasiri tu na kukuachia mstari mtupu wa kujaza? La tatu, anayeuimba leo atakubali kuimbiwa wimbo huohuo mwakani, akiwa ofisini na wewe ukiwa nje ya lango?

Swali hilo la tatu ndilo lililowashinda wengi. NARC hawakutaka kuimbiwa Unbwogable mwaka 2005. Na yule mgombea aliyewafundisha vijana kusema hatupangwingwi alikutana nao miaka miwili baadaye, barabarani, wakikataa kupangiwa bei ya mkate.